Filamu ya Watoto na Ihukumiwe kwa Macho ya Watoto

Wakubwa tuna ada mbaya. Tukimtengenezea mtoto kitu, twakaa wakubwa watupu tukakipitisha, kisha mtoto akaletewa kama aletewavyo dawa. Nguo hatumfanyii hivyo. Fundi humpima kwanza. Filamu ndiyo twamkatia kwa kukisia.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo nililolishuhudia. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye kuniita ami, alipiga filamu ya dakika 8 ya kuwaonya watoto juu ya mafuta ya taa yatiwayo katika chupa za soda. Ni msiba tuujuao sote: mtoto ana kiu, aona chupa chini ya meza ya jikoni, apiga funda. Katika filamu yake, shangazi ajaza chupa, mtoto arudi chuoni, anywa, apaliwa, jirani aja mbio, na mwisho daktari atoa nasaha. Tuliitazama wakubwa sita na sote tukasema yafaa. Mimi nilikuwa wa kwanza kusifu.

Maalim wa chuo ndiye aliyetuzindua. Alisema, “Sasa waonyesheni wenyewe, kabla hamjaifunga.” Kijana alikuwa na mkato wa kwanza tu, filamu ikali mbichi, sauti haijasawazishwa. Lakini huo ndio wakati wenyewe, maana filamu ikishakwisha, mwenyewe huwa hataki tena kuigusa.

Jambo hili halikuzuliwa kwetu. Mwaka 1969 huko Marekani, kabla kipindi cha Sesame Street hakijaanza, mtaalamu Edward Palmer alimweka mtoto mbele ya televisheni, na kando yake akaweka picha nyingine za kumshawishi, zikibadilika kila sekunde 7.5. Mtu alikaa akiandika ni wapi macho ya mtoto yatoka kwenye kipindi. Julai mwaka huo vipindi vitano vya majaribio vilipoonyeshwa Philadelphia, ilidhihirika kuwa watoto walitulia kwa wanasesere, lakini kila kipindi kiliporudi mtaani kwa watu wa kweli wakizungumza, macho yalitoroka. Wataalamu walikuwa wameshauri wanasesere wasichanganywe na watu. Watoto waliwakanusha. Sehemu za mtaani zikapigwa upya, wakatiwa ndani Big Bird na Oscar, na Novemba 10 kipindi kikaanza.

Sisi hatukuwa na mitambo. Tulikuwa na watoto 14 wa miaka minne hadi saba, na ukuta mweupe. Kijana aliandika saa ya filamu pembeni mwa picha, ili kila tukio liwe na dakika na sekunde yake. Kamera ya pili aliielekeza kwenye nyuso za watoto. Mtu mmoja alihesabu kila sekunde 10 ni macho mangapi yako ukutani, na mwingine aliandika kila neno litokalo. Mwenye filamu hakutambulishwa, kwani mtoto wa kwetu ana adabu. Hatamwambia mgeni kuwa kazi yake haikumwingia. Na palipoadhiniwa adhuhuri watoto wakageuka, tuliandika hilo nalo, tusije tukailaumu filamu kwa kosa lisilo lake.

Baadaye tuliwaita mmoja mmoja. Hatukuwauliza, “Mmeipenda?” Swali hilo halina faida, maana sote twajua jibu lake. Tuliwaambia, “Nihadithie.”

Wallahi, tulipigwa na butwaa. Watoto sita walisema soda ni sumu. Watatu walisema mtoto yule aliugua kwa kuwa alikunywa kwa mkono wa kushoto na hakupiga bismillahi! Na wanne walieleza kwa furaha kuwa mtu akinywa kitu kibaya atiwe kidole kooni atapike.

Kijana alitaka kuongeza maneno ya daktari mwishoni. Nami nasema hapo ndipo wengi wapoteapo. Palipoonekana kosa si lazima pawe ndipo lilipoanzia. Tulirudi kwenye hesabu ya macho. Tangu dakika 1 na sekunde 10 hadi dakika ya 2, macho yalishuka kutoka 14 hadi matano. Huo ulikuwa wakati shangazi ajaza mafuta huku akizungumza na shoga yake habari za harusi. Sisi wakubwa tuliyapenda mazungumzo yale. Watoto hawakuyafuata, wakageuka kuchezeana, basi tisa kati yao hawakuona mafuta yakitiwa. Kwao ile ilikuwa soda tokea mwanzo. Hawakukosa akili, walikosa habari.

Mkato wa kwanza basi ulikuwa pale. Sekunde 50 za harusi zikawa 12, bila maneno: taa ya mafuta, dumu, chupa ikijazwa kwa karibu, na shangazi akigeuza uso kwa harufu.

Mkato wa pili ulikuwa wa mkono. Mpiga picha alikaa upande wa kulia, basi mtoto akashika chupa kwa kushoto ili uso usizibwe. Kijana alifikiri kuigeuza picha kama kwenye kioo, lakini nyuma palitundikwa kanga, na jina lake lingesomeka kinyume. Akaiondoa picha ile nzima, akaweka nyingine ya chupa pekee ikiinuliwa, kisha kikohozi. Kwa njia hiyo pia ilitoweka ile raha ya kunywa, iliyowafanya wawili wameze mate.

Mkato wa tatu ndio uliokuwa wa hatari. Jirani alitia kidole, na daktari akamkosoa sekunde 20 baadaye, kwani mafuta ya taa yakitapishwa huweza kuingia mapafuni yakadhuru zaidi. Mtoto mdogo hushika kitendo, hashiki masahihisho yajayo nyuma yake. Kidole kiliondolewa kabisa. Jirani sasa ambeba mtoto moja kwa moja hadi hospitali, na chupa mkononi.

Filamu mpya ya dakika 7 tuliwaonyesha watoto wengine 12. Wale wa kwanza hawafai tena, maana wameshahojiwa na wajua kisa. Kumi walisema mafuta ya taa. Wawili bado walisema soda, na kijana yumo kazini.

Wako watakaosema, je, tuwape watoto usukani? La hasha. Mmoja alitaka pawe na vita, mwingine nyoka; hatukuwasikiliza. Mtoto ni shahidi, si hakimu wa mkasi. Atakuonyesha mahali anapopotea. Dawa yake utaitafuta mwenyewe. Wala watoto 14 wa chuo kimoja hawakwambii watoto wangapi wa pwani wataelewa. Wakwambia tu pana shimo hapa, na shimo waliloangukia tisa si la kupuuzwa.

Rai yangu basi ni hii: anayemtengenezea mtoto onyo asilitoe kabla hajawaketisha watoto wasiomjua, akahesabu macho yao, akawaacha wahadithie. Sisi wakubwa sita tuliipitisha filamu ile kwa sifa. Kama si maalim, ingalitoka ikiwafundisha watoto wetu kuwa sumu ya mafuta ya taa hutibiwa kwa kidole.