Asiransi ya pikipiki inalipa nani?

Katika picha ya juma hili mnamuona ajenti wa asiransi amekaa katikati yetu, karatasi moja mkononi. Hakuja kutuuzia kitu. Sisi wenyewe tulimwita, kwa sababu wengi wetu tumenunua pikipiki, tukazikabidhi kwa motari, na tulifikiri asiransi inalipa kila kitu. Sivyo.

Asiransi ya chini kabisa, ile ambayo sheria inalazimisha kwa kila chombo cha barabarani chenye injini, inamlinda mtu mwingine aliyeumizwa na chombo chako. Haikulindi wewe wala chombo chenyewe.

Ajenti alitupa mfano. Tuseme pikipiki ya mama mmoja inashuka mbio kutoka Kadutu. Motari anagonga mtoto na kuangusha meza ya nyanya. Mtoto amevunjika mguu, nyanya zimepondeka, motari ameumia mkono, na taa ya mbele imepasuka. Kosa ni la motari. Basi asiransi inalipa matibabu ya mtoto na hasara ya mama wa nyanya, kwa kipimo kilichoandikwa katika mkataba. Mkono wa motari na taa haigusi. Hizo zinatoka mfukoni mwa mwenye pikipiki, isipokuwa kama alilipia ulinzi wa kuongeza. Kama hakuwa na asiransi hata ile ndogo, basi mguu wa mtoto pia ni deni lake.

Tulimuuliza: kwa nini wengine wanalipa kila mwaka, na siku ya ajali wanakataliwa? Alisema kosa mara nyingi liko kwenye karatasi. Mama anaandikisha pikipiki kuwa ya matumizi ya nyumbani ili alipe kidogo, kumbe kila siku inabeba abiria kwa malipo. Siku ya ajali kampuni inaona kazi iliyoandikwa si ile inayofanywa, na hapo ubishi unaanza. Kwa hiyo, kabla ya kutoka ofisini, soma: kazi ya pikipiki, namba ya plaki, namba ya shasi, na siku asiransi inapoisha. Omba risiti yenye muhuri.

Ajali ikitokea, muuguzeni kwanza aliyeumia. Kisha itwe polisi waandike namna ilivyotokea, na kampuni ijulishwe haraka, ndani ya siku zilizoandikwa katika mkataba. Motari asitie sahihi mahali popote kwamba atalipa, kabla kampuni haijajua.

Mama mmoja alitaka kujiandikisha papo hapo. Ajenti alimwambia: « Mama, nenda nayo nyumbani, msome na baba watoto, uulize bei kwa kampuni nyingine pia. » Nasi tunasema vilevile. Mwenye karatasi yake aje nayo kwenye mkutano wa siku ya posho, tuisome pamoja.