Muhali haulipi fundi (Sehemu ya 4: barua niliyomwandikia aliyeniuzia gari)



Sehemu ya 3 niliishia pale gari ilipozima njiani, tunatoka Wete kwenda Chake, watoto wawili nyuma, moshi mweupe umetanda kama tumepikia kuni mbichi. Tangu siku ile inbox yangu imejaa ushauri wa aina moja: "Samehe tu nesi, yule ni mtu wetu. Gari ya mkononi ndo ilivo. Utamkabili vipi mtu mnayesalimiana naye kila Ijumaa?"

Leo nawajibu. Huo muhali wetu ndio mtaji wake. Anayeuza gari mbovu hapa kisiwani anajua utaona haya, utalipa fundi, na utanyamaza. Anahisabu haya yako kama sehemu ya faida yake.

Na msinichanganyie mambo mawili. Gari ya mkononi inachakaa, hilo nalikubali. Tairi zimekwisha, kiti kimechanika, breki zinataka pedi, hayo ni ya mnunuzi, ameyaona na bei imeshuka kwa sababu hiyo. Lakini gari yangu haikuwa imechakaa tu. Ilikuwa inaumwa, na mwenyewe aliificha dalili.

Nawaeleza fundi alichokikuta. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Ile ndiyo inayotenganisha maji, oili na moto ndani ya injini. Ikiungua, moto unaingia kwenye maji, maji yanapungua bila ya kuvuja chini, na oili inaweza kuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Hiyo ni dalili ya ugonjwa. Sasa sikilizeni mambo matatu. Temostati ilikuwa imetolewa. Feni ilikuwa imeungwa waya moja kwa moja, inazunguka tangu unapowasha. Na ndani ya rejeta mlikuwa na dawa ya kuzibia iliyoganda kama uji.

Temostati haitoki wenyewe. Ukiitoa na ukaifanya feni izunguke muda wote, injini inakaa baridi kwa safari fupi. Ndo mana nilipoijaribu dakika kumi, mitaa miwili, niliona iko sawa. Ni kama kumpa mtoto dawa ya homa kabla hujamleta kwangu kupimwa. Kipimo kinasoma vizuri, ugonjwa uko palepale.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Dikrii ya Mikataba ya Zanzibar imefuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na humo kukificha kwa vitendo kitu unachokijua kunahisabiwa udanganyifu. Aliyedanganywa ana hiyari: avunje mkataba, au aubakishe na awekwe pale ambapo angekuwa lau aliyoambiwa yangekuwa kweli. Lakini muelewe na mpaka wake. Muuzaji akinyamaza tu, bila ya kuficha wala kusema uongo, kesi yako ni dhaifu, khasa kama ungeweza kugundua kwa uangalifu wa kawaida. Kwa hiyo ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa. Mie niliuliza Whatsapp: "Imewahi kuchemsha?" Akajibu: "Haijawahi, injini haijafunguliwa." Jibu hilo lina thamani kuliko kiapo.

Na wale wanaoniambia "dini inataka kusameheana": dini hiyohiyo inampa mnunuzi hiyari ya aibu, arudishe kitu akikuta kasoro iliyofichwa. Kusamehe ni haki yangu mie niliyedhulumiwa, si amri ya kupewa na aliyenidhulumu. Ila msiende kwa Kadhi kwa jambo hili, yeye ana ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Madai ya gari ni ya mahakama za kawaida. Na kama aliyekuuzia ni mfanyabiashara wa magari, ipo pia Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Kabla ya barua nilifanya mambo mawili. Nililiegesha gari, sikuliendesha tena, kwa sababu ukisema unalirudisha huku bado unalitumia, maneno yako yanapingana. Pili, nilimwambia fundi apige picha, aandike alichokiona na atie saini, na vyuma vya zamani asivitupe. Sisi manesi tunasema kisichoandikwa hakikufanyika.

Barua yenyewe hii hapa, majina nimeyatoa:

"Ndugu, Assalaam alaykum.

Tarehe 3 mwezi uliopita nilinunua kwako gari kwa shilingi 9,200,000. Kabla ya kulipa nilikuuliza kwa maandishi kama imewahi kuchemsha, ukanijibu haijawahi na injini haijafunguliwa. Nilinunua kwa kukutegemea kwa maneno hayo.

Siku ya 9 gari ilichemsha na kuzima njiani. Fundi amekuta gasketi ya silinda hedi imeungua, temostati imetolewa, feni imeungwa moja kwa moja na rejeta ina dawa ya kuzibia. Ripoti na picha zimo humu. Tangu siku hiyo gari imeegeshwa na unaweza kuja kuikagua na fundi wako.

Nakutaka uchague moja. Ama ulipe gharama za matengenezo, shilingi 1,200,000 kwa mchanganuo uliomo humu. Ama tuvunje mauzo, unirejeshee 9,200,000, nami nikukabidhi gari na kadi yake.

Nakupa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila ya jibu, nitapeleka madai yangu mahakamani.

Wassalaam."

Oneni, hamna tusi hata moja. Neno "mwizi" halimo, maana ukilitia, yeye ndiye atakayekushitaki. Nilichapisha nakala mbili. Moja alipewa mbele ya shahidi, ya pili akaitia saini kwamba ameipokea.

Siku ya 6 alinipigia simu: "Umenidhalilisha." Nikamwambia, "Kaka yangu, mie sijamwambia mtu. Nimekwambia wewe." Siku ya 11 akaja na mzee wake. Akataka kulipa nusu na nimuandikie yamekwisha. Nikakataa, nikaandika "nimepokea 600,000, zimebaki 600,000", tukatia saini sote. Iliyobaki aliileta baada ya wiki tatu. Asingelipa, ningekwenda mahakamani, na siwadanganyi, huko ingechukua muda.

Kuna mama mmoja ameniuliza angejuaje mapema. Nenda kaione gari asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha "ipate joto", rudi siku nyengine bila ya kumwambia saa. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi, kisha iwashwe. Mapovu yakitoka mfululizo hata baada ya dakika kadhaa, ondoka. Na ukikuta feni inazunguka papo hapo injini ingali baridi, uliza kwa nini. Halafu iendeshe kwa nusu saa, na kilima kiwemo. Ila rejeta ya moto isifunguliwe na mtu yeyote. Nimewafunga bendeji watu walioungua uso na kifua kwa maji hayo, na hakuna gari yenye thamani hiyo.

Atakayesema nimemuonea, aje anambie kitu kimoja tu: temostati ilitolewa na nani?