Muda wa Bastola na Muda wa Miguu Yako

Katika mbio za barabarani zenye watu maelfu, bastola hulia mara moja tu, lakini si wote wanaoondoka. Walio mbele hutoka papo hapo. Walio nyuma husukumana polepole hadi waufikie mstari. Ndiyo sababu mkimbiaji hupewa nyakati mbili: muda wa bastola, unaohesabiwa tangu mlio, na muda halisi, unaoanza pale chipu iliyobandikwa nyuma ya namba yake ya kifuani inapopita juu ya mkeka wa kupimia.

Tumchukue mama anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 7 kila kilomita, naye akauvuka mstari dakika 4 baada ya mlio. Kwenye kilomita ya kwanza, saa kubwa ya njiani itamwonyesha dakika 11. Kwenye ya pili itasoma 18, yaani wastani wa dakika 9. Kwenye ya tano, 39, wastani wa dakika 7 na sekunde 48. Akifika mwisho atakuta saa 1 na dakika 14, wastani wa 7 na sekunde 24. Mtazamaji atadhani kwamba anazidi kuongeza kasi, kumbe hajabadilisha hata hatua. Zile dakika 4 ni zilezile, ila zinagawanywa kwa kilomita nyingi zaidi.

Hatari iko mwanzoni. Akiiamini ile 11 na kutaka kufidia dakika 4 katika kilomita mbili zinazofuata, itambidi akimbie kila moja kwa dakika 5, na pumzi itamwishia mapema. Afadhali atoe: 18 kuondoa 11 ni 7, na hiyo ndiyo kasi yake ya kweli. Mwenye saa ya mkononi na aiwashe anapoukanyaga mkeka, si anaposikia mlio.

Muda halisi nao haufuti kila kikwazo. Msongamano ulio mbele ya mstari, unapolazimika kutembea nyuma ya migongo ya watu, unahesabiwa kuwa wako. Na pasipo mkeka mwanzoni, hakuna muda halisi. Utalitambua hilo matokeo yanapotoa safu moja tu ya nyakati.

Wapo wanaolalamika kwamba walimshinda mwenzao kwa muda halisi lakini zawadi akapewa yeye. Kwa kanuni za Shirikisho la Riadha la Dunia, muda rasmi ni wa bastola, na anayetangulia kufika ndiye mshindi. Naona ni haki, kwani wanaoshindana hawana budi kuonana. Hakuna awezaye kumkimbiza mtu aliyeanza nyuma yake bila kumwona. Lakini Boston, Marekani, ukiomba nafasi kwa sifa ya mbio ulizokwisha kukimbia, hutazamwa muda wako halisi.