"Licha ya Kuonywa Mara Nyingi": Sentensi Isiyotosha Kumwachisha Mtu Kazi

Isome kwanza sentensi hii, kisha uniambie ni nani aliyetenda nini: "Kutokana na kuchelewa kwako mara kwa mara, na licha ya kuonywa mara nyingi, kampuni imeamua kukuachisha kazi kuanzia leo."

Kisarufi haina dosari. Katika mtihani wa uandishi wa barua rasmi ningeipa alama zote. Hata hivyo nashikilia kwamba ni sentensi ya mwajiri mvivu, na kwamba hapa Uganda inaweza kumgharimu mwajiri huyo fedha.

Dosari yake imejificha katika kauli ya kutendwa. "Kuonywa" na nani? Lini? Kwa mdomo au kwa maandishi? Kwa siku ipi ya kuchelewa? Kauli hii humruhusu mwandishi amwondoe mtendaji, na "mara nyingi" humruhusu aiondoe hesabu. Tazama pia kiambishi cha wakati katika "imeamua". Jambo limekwisha kutendeka. Anayepokea barua hii haulizwi neno, anaarifiwa tu.

Tuchukue mfano nilioubuni. Kijana mmoja anapakia mizigo katika ghala mjini Jinja, na zamu yake huanza saa mbili asubuhi. (Wewe unayejifunza Kiswahili, kumbuka kwamba hiyo ndiyo inayoandikwa 8:00 kwenye saa ya ukutani. Barua inayosema "uliingia 2:40" bila kutaja asubuhi wala mtindo wa kuhesabu inaweza kuzua ugomvi wa peke yake.) Mwezi Machi msimamizi alimkemea kwa mdomo, wala hakuna aliyeandika popote. Tarehe 14 Aprili akapewa barua ya onyo, akaitia sahihi. Baada ya hapo daftari la mahudhurio linaonyesha siku tano za kuchelewa: tarehe 7, 14 na 21 Mei, zote Jumanne, kisha tarehe 29 Mei na tarehe 10 Juni. Tarehe 11 Juni anakabidhiwa barua niliyoinukuu hapo juu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haikubali mwendo huo. Inamtaka mwajiri, kabla ya kufikia uamuzi wa kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu inayofikiriwa, kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anatarajiwa kuielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine wa chaguo lake wakati wa maelezo hayo. Apewe muda unaofaa wa kujiandaa, na utetezi wake usikilizwe na kuzingatiwa. Majirani zetu wa Kenya wana maneno yanayokaribiana sana na hayo katika kifungu cha 41 cha Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, ila kwao anayeandamana na mfanyakazi ni mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Neno lenye uzito katika sheria zote mbili ni "kabla". Ndiyo maana hainiridhishi barua inayomfukuza mtu katika aya ya kwanza, kisha ikamwambia katika aya ya mwisho kwamba "una siku saba za kujieleza". Barua ya wito ilipaswa kutangulia, nayo ilipaswa kusema "tunafikiria", si "tumeamua".

Nawasikia waajiri wakinijibu: huyu anajulikana kwa uchelewaji, daftari lipo, atasema nini kipya? Basi turudi ghalani. Tarehe 12 Juni kijana anapewa barua ya wito, na tarehe 17 anaketi mbele ya meneja pamoja na mwenzake aliyemchagua. Anasema kwamba Jumanne zile tatu alikuwa akimpeleka mama yake kliniki, na kwamba msimamizi wa awali alimruhusu kuingia saa tatu. Msimamizi huyo amehamishiwa tawi jingine. Anapigiwa simu, anathibitisha. Daftari halikusema uongo, ila halikuwa na safu ya ruhusa.

Sasa hebu meneja aiandike barua yake upya, akitaja kila jambo:

"Tarehe 14 Aprili ulipewa onyo la maandishi kwa kuchelewa, ukatia sahihi kulipokea. Onyo hilo lilieleza kwamba ukirudia unaweza kuachishwa kazi. Baada ya onyo hilo ulichelewa tarehe 29 Mei kwa dakika 35 na tarehe 10 Juni kwa dakika 40. Tarehe 12 Juni tulikueleza kwa maandishi kwamba tunafikiria kukuachisha kazi kwa sababu hiyo. Tarehe 17 Juni ulisikilizwa ukiwa na mwenzako uliyemchagua. Ulisema kwamba Jumanne tatu za mwezi Mei ulikuwa na ruhusa; tumethibitisha na tumeziondoa. Kuhusu tarehe 29 Mei na 10 Juni, ulisema..."

Hapo kalamu inasita. Siku tano zimekuwa mbili. Kemeo la Machi halimo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuonyesha lilisema nini. Kwa maoni yangu, meneja mwadilifu akifika hapo ataandika onyo la mwisho badala ya kumfukuza. Akiamua kumfukuza hata hivyo, barua yake imembana: lazima aseme kijana alijibu nini kuhusu siku hizo mbili, na kwa nini jibu hilo halikumridhisha. Asiishie kwenye "maelezo yako hayakuridhisha". Hiyo ni dada ya "kuonywa mara nyingi".

Yapo mambo mawili ambayo waandishi wa barua hizi huyasahau. La kwanza ni muda. Sheria ya Uganda inasema kwamba, isipokuwa katika hali za pekee, mwajiri asiyetoa adhabu ya kinidhamu ndani ya siku 15 tangu alipolijua kosa huhesabiwa kuwa ameiacha haki hiyo. Kwa hiyo barua ionyeshe ni siku ipi ya kuchelewa iliyoanzisha hatua hii, isikusanye kila dakika ya mwaka mzima kama mwenye deni la dukani. La pili ni mfanyakazi anayekataa kutia sahihi onyo, au asiyefika kwenye kikao. Mwajiri hakwami: shahidi huandika kwamba onyo lilisomwa na sahihi ikakataliwa, na barua ya mwisho hutaja wito ulifikishwa siku gani, kwa njia gani, na mkononi mwa nani.

"Duka dogo halina muda wa karatasi zote hizi," husema wengine. Karatasi zote? Ni onyo la ukurasa mmoja, wito wa mistari sita, na kumbukumbu za kikao kilichochukua nusu saa. Kuukimbia utaratibu ndiko ghali zaidi. Mwajiri asiyemsikiliza mfanyakazi wake kama sheria inavyotaka hudaiwa malipo halisi ya wiki nne, na hudaiwa hivyo hata kama kumfukuza kwenyewe kulikuwa na haki.

Nawe uliyepokea barua ya mstari mmoja, itunze pamoja na bahasha yake, na uandike tarehe uliyokabidhiwa. Ikiwa ulikuwa umefanya kazi mfululizo kwa angalau wiki 13, unaweza kulalamika kwa afisa wa kazi kwamba umeachishwa isivyo haki, nayo sheria inakupa miezi mitatu kuanzia siku ulipoachishwa.