Karatasi ya Siku ya Kuingia Humaliza Ugomvi wa Siku ya Kutoka



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupanga magunia juu ya chaga ili yasiguse sakafu. Wakulima wengi hawana ghala lao wenyewe. Hupanga ghala la mtu mjini, karibu na barabara, wakangoja bei ya mazao ipande. Mwezi huu tutazungumza juu ya siku ya kuondoka katika ghala hilo. Siku hiyo mwenye ghala hutazama ukuta na sakafu, kisha husema: "Umeniharibia. Lipa." Je, mpangaji atajibu nini?

Mpangaji mwenye karatasi na picha za siku aliyoingia ana jibu. Asiye nazo ana maneno matupu, na mwenye ghala naye ana maneno yake.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ananunua mpunga mjini Ifakara, mkoani Morogoro. Alipanga ghala lenye chumba kimoja kwa miaka 2. Kabla ya kupewa ufunguo alitoa amana ya shilingi 200,000. Amana ni fedha anayoshika mwenye ghala ili alipie uharibifu wa mpangaji. Kama hakuna uharibifu, fedha hiyo hurudishwa.

Siku ya kuingia, kabla gunia hata moja halijashushwa, mama huyo na mwenye ghala walizunguka pamoja. Walianza mlangoni, wakafuata ukuta kwa mkono wa kulia mpaka wakarudi mlangoni. Kila walichokiona waliandika katika karatasi. Hii ndiyo karatasi ya hali ya ghala. Baadhi ya mistari yake ilikuwa hivi:

1. Mlango: mzima.
2. Sakafu: ina ufa kutoka mlangoni kwenda kona ya kulia. Urefu hatua 4. Picha namba 1 na 2.
3. Ukuta wa nyuma: rangi imebabuka chini, kimo cha shubiri 2 kutoka sakafuni. Picha namba 3.
4. Dirisha: vioo 6, vyote vizima. Picha namba 4.

Waliandika tarehe. Wote wawili walitia sahihi, na jirani mmoja alitia sahihi kama shahidi. Walifanya nakala 2, kila mmoja akachukua yake. Picha zilipigwa kwa simu ya mama. Sakafuni alipiga picha 2. Ya kwanza aliipiga kwa mbali, ili mtu ajue ni mahali gani. Ya pili aliipiga kwa karibu, ili kasoro ionekane vizuri. Kando ya ufa aliweka kiberiti. Kila mtu anajua ukubwa wa kiberiti, kwa hiyo ukubwa wa ufa nao unajulikana. Jioni ile ile alimtumia mwenye ghala picha zote kwa WhatsApp.

Miaka 2 ikapita. Mama akatoa taarifa ya kuhama, akaondoa magunia na kufagia. Mwenye ghala akaja, akatazama, akatoa hesabu yake: sakafu shilingi 150,000, ukuta 90,000, dirisha 40,000 na mlango 60,000. Jumla shilingi 340,000. Akasema amana yote imekwisha, tena anadai 140,000 zaidi.

Mama hakupandisha sauti. Alisema: "Mzee wangu, tusibishane kwa jumla. Tuchukue karatasi yetu tuisome mstari mmoja mmoja, tukiwa tumesimama mahali penyewe." Mzee akakubali. Jirani yule shahidi akaitwa, na fundi mwashi mmoja naye akaitwa.

Walianza na sakafu. Mwenye ghala alionyesha ufa. Mama alisoma mstari wa 2, kisha akafungua picha namba 1. Ufa ulikuwa ule ule, mahali pale pale. Waliweka kiberiti kando yake kama siku ile. Upana haukubadilika, wala urefu haukuongezeka. Mwenye ghala alitikisa kichwa akasema, "Kweli, huu ni wa zamani." Dai la shilingi 150,000 likaanguka.

Ukuta ulikuwa mgumu zaidi. Picha ilionyesha rangi iliyobabuka kimo cha shubiri 2. Sasa ilikuwa imebabuka kimo cha shubiri 3. Mwenye ghala alisema: "Kasoro ilikuwapo, sikatai. Lakini imeongezeka kwa sababu ya magunia yako." Hapa picha peke yake haikutosha. Picha husema hali ilikuwaje. Haisemi ni nani au nini kilichoiongeza.

Fundi aliangalia alama. Magunia yakiegemea ukuta huacha mikwaruzo na mabonde pale yalipoegemea tu. Mahali pasipo na magunia ukuta hubaki salama. Lakini unyevu unaopanda kutoka ardhini hufanya kazi nyingine. Hubabua rangi kwa mstari karibu ulio sawa, ukuta mzima, na huacha unga mweupe kama chumvi. Fundi alipitisha kidole, akauona unga huo. Tena rangi ilikuwa imebabuka hata nyuma ya mlango, ambapo gunia haliwezi kukaa. Wakatoka nje. Waliona maji ya paa yanaanguka karibu na msingi, na hakuna mfereji wa kuyapeleka mbali. Ukuta ulikuwa unakunywa maji kila masika.

Kasoro ya namna hii si ya mpangaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoipokea, lakini haimtwishi uchakavu wa kawaida. Uchakavu wa kawaida ni kuchoka kwa kitu kwa sababu ya siku, jua, mvua na matumizi yanayofaa. Rangi hupauka, sakafu hulainika pale watu wanapopita, bati hushika kutu. Uharibifu ni jambo lingine. Hutokana na uzembe au matumizi mabaya, kama kupigilia misumari ukutani au kugonga nguzo kwa gari. Dai la ukuta, shilingi 90,000, nalo likaanguka.

Walipofika dirishani, karatasi ilimgeukia mama. Mstari wa 4 ulisema vioo 6, vyote vizima, na picha ilionyesha hivyo. Sasa kioo kimoja kilikuwa kimevunjika. Mama alikubali mara moja: kijana mpakiaji alikivunja kwa gunia. Lakini mzee alidai shilingi 40,000, bei ya kubadili vioo vyote. Fundi alisema kioo kimoja pamoja na kazi ya kukiweka ni shilingi 15,000. Aliyevunja kimoja hulipa kimoja. Mama alikubali kulipa 15,000.

Mwisho walifika mlangoni. Komeo la ndani lilikuwa limepinda, halifungi vizuri. Mama alisema lilipinda hata kabla hajaingia. Huenda alisema kweli. Lakini mstari wa 1 ulisema "mlango: mzima", na sahihi yake ilikuwa chini. Picha ya mlango haikuwapo. Siku ile hawakuujaribu kwa kuufunga na kuufungua. Karatasi inayomtetea mtu katika mstari mmoja inaweza kumfunga katika mstari mwingine. Hawezi kuukubali mstari wa 2 na kuukataa mstari wa 1. Hata hivyo, mlango wenyewe ulikuwa mzima, kwa hiyo hakudaiwa shilingi 60,000. Alilipa komeo jipya, shilingi 20,000.

Hesabu ikawa hivi. Kioo 15,000 na komeo 20,000, jumla shilingi 35,000. Amana ilikuwa 200,000. Toa 35,000, zinabaki 165,000. Mwenye ghala alimrudishia mama shilingi 165,000. Waliandika hayo chini ya karatasi ile ile, wakatia sahihi tena, na mama akarudisha ufunguo.

Je, kama mzee angekataa kusoma karatasi? Mama angemwandikia barua fupi, akitaja kila dai, namba ya mstari na namba ya picha. Angebaki na nakala ya barua hiyo. Kisha angekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Wasipopatana, angepeleka shauri Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu katika mashauri ya ardhi na nyumba. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa kuwapatanisha katika siku 30, mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko shauri huamuliwa.

Msomaji atauliza: picha ya simu inakubaliwa mbele ya baraza? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema kitu hakikataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu kimetoka katika chombo kama simu. Lakini kitaulizwa maswali: nani aliipiga picha, lini, na je, haikubadilishwa? Kwa hiyo usifute picha ya kwanza iliyomo katika simu. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hupoteza kumbukumbu ya siku na saa iliyopigwa. Hata hivyo, ujumbe wenyewe unaonyesha siku mwenzako alipoipokea. Zote mbili zina faida yake. Simu ikiibiwa au ikianguka majini, picha zilizomo hupotea. Hivyo weka nakala kwa ndugu unayemwamini, au zichapishwe katika karatasi kwa mpiga picha mjini.

Na wewe unayepanga ghala mwezi huu, kabla ya kushusha gunia fanya hivi. Fungua na ufunge kila mlango na kila komeo. Mwaga maji kidogo sakafuni uone yanaelekea wapi. Tazama juu mchana, mlango ukiwa umefungwa. Mwanga ukipenya batini, hapo pana tundu, na mpunga wako utaloa. Yaandike yote. Usiandike "mzima" kitu ambacho hukukijaribu. Kama mwenye ghala ana haraka na hataki kuzunguka, zunguka na jirani, piga picha, umtumie siku hiyo hiyo pamoja na maneno haya: "Hivi ndivyo nilivyolikuta ghala. Kama kuna kosa, niambie." Karatasi hiyo haina nguvu sawa na ile yenye sahihi za wote wawili. Lakini mtu aliyepokea picha akanyamaza miaka 2 atapata taabu kusema leo kwamba ufa haukuwapo.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.