"Shikilieni kidogo"

Mfanyakazi akifariki, ofisi zetu zinajua kuomboleza. Kabla ya saa nne kamati imeundwa, daftari la rambirambi linazunguka na basi linatafutwa. Mambo huharibika kwenye ruhusa ya kwenda kuzika, na zaidi watu wakisharudi kutoka makaburini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa aliyefiwa na mwenzi, mtoto, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Mfanyakazi mwenzake hayumo. Ruhusa ya kumzika inabaki kuwa hiari ya mwajiri, na wapo wanaoikata kwenye likizo ya mwaka. Huo ni ubahili. Tena itolewe mapema: maiti ya Mwislamu mara nyingi huzikwa siku hiyohiyo, na ruhusa inayosainiwa saa kumi jioni haimfikishi mtu mazikoni.

Tuchukue idara ya uhasibu yenye watu wanne, Dar es Salaam. Mwandaaji wa mishahara amefariki tarehe 20, anazikwa Bukoba, na mishahara hulipwa tarehe 28. Wawili wanasindikiza mwili. Safari ya basi peke yake, kwenda na kurudi, yaweza kumaliza siku kadhaa. Amebaki mmoja. Meneja mwenye akili anaahirisha ripoti ya mwezi siku hiyohiyo, anaazima mtu wa idara nyingine, na kuiandikia benki iondoe jina la marehemu kwenye orodha ya waidhinishaji wa malipo. Meneja mvivu anauliza nani anaijua nywila ya marehemu. Malipo yanapita, kisha mkaguzi anakuta yameidhinishwa na mtu aliyekwisha zikwa.

Baada ya hapo huja kauli tunayoilalamikia: "Shikilieni kidogo." Kidogo hiyo hufika miezi minane, huku kampuni ikiokoa mshahara mmoja. Kazi za marehemu ziorodheshwe, zigawanywe kwa maandishi, ziwekewe tarehe ya mwisho na posho ya kukaimu. Zisiangukie zote kwa aliyekaa meza ya pili, ambaye pengine ndiye mwenye uchungu kuliko wote. Akianza kukosea hesabu alizokuwa akizifanya bila kufikiri, apunguziwe kazi kabla ya kuandikiwa barua ya onyo.

Kwa familia, ofisi iteue mtu mmoja, mwenye simu inayopokelewa. Vitu vya mezani vifungwe na watu wawili, kwa orodha yenye sahihi. Stahili za mwisho zisikabidhiwe kaka wa kwanza kutokea; zimsubiri msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane aelezwe hilo mapema, na asaidiwe kukusanya karatasi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na fomu za mafao ya warithi katika mfuko wa hifadhi ya jamii.