Goma: Nukta kwenye ramani bado si nyumba ya mgonjwa

Kipindupindu ni ugonjwa unaorudi Goma mara kwa mara, na kila mara kazi ya kwanza ni ile ile. Mgonjwa akishapokelewa kwenye kituo cha matibabu, timu ya uwanjani inatakiwa kufika kwake haraka, kusafisha nyumba, kugawa klorini na kuuliza maji yanachotwa wapi. Majirani nao wanafikiwa, kwa kawaida ndani ya mduara wa mita 100 hivi. Mduara huo una faida moja tu: katikati yake awe yule mgonjwa. Asipokuwepo, klorini inagawiwa kwa watu wasiohusika, na majirani zake wa kweli wanaendelea kunywa maji yale yale.

Siku hizi adresi ya mgonjwa huandikwa kwenye orodha ya kompyuta, kisha programu inaigeuza kuwa nukta ya ramani. Kazi hiyo wataalamu huiita jiokodi. Nukta ikitokea, watu wengi huiamini. Hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu programu hutoa nukta za aina tatu zisizofanana hata kidogo, na zote tatu huonekana sawa kwenye skrini.

Aina ya kwanza ni nukta ya paa. Programu imeikuta adresi hiyo hiyo kwenye hifadhi yake, pamoja na namba ya parseli, na inajua nyumba yenyewe iko wapi. Ya pili ni nukta ya kukadiria. Programu inaijua avenyu na namba zinazoanza na kuishia hapo, lakini nyumba yenyewe haijui, kwa hiyo inapiga hesabu. Ya tatu ni nukta ya katikati. Programu imeshindwa kupata nyumba, pengine hata avenyu, ikaweka alama katikati ya mtaa mzima, komine nzima au mji mzima.

Mjini Goma, aina ya tatu ndiyo inayotarajiwa zaidi, na sababu zake zinajulikana. Wachoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap wamechora nyumba nyingi za mji huu kwa kutumia picha za satelaiti, na kazi yao ni kubwa. Lakini picha ya satelaiti inaonyesha bati, haionyeshi namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye geti. Paa lililochorwa bila namba haliwezi kupatikana kwa adresi. Ndiyo maana mtu anaweza kuiona nyumba yake kwenye ramani kwa macho, huku programu ikisema haiijui.

Chukua mfano wa adresi ya kawaida: parseli namba 47, kwenye avenyu fulani ya Mabanga Sud, komine ya Karisimbi. Mtumishi anaituma kwenye huduma ya Google. Jibu huja na nukta, na chini yake kunaweza kuwa na mistari kama hii:

```
"location_type": "APPROXIMATE",
"partial_match": true,
"types": ["neighborhood", "political"]
```

Mistari hiyo mitatu ina maana kuliko nukta yenyewe. `APPROXIMATE` inasema mahali ni pa kukisia. `partial_match` inasema programu haikuikuta adresi yote iliyoulizwa, imechukua sehemu tu. `neighborhood` inasema sehemu iliyopatikana ni mtaa. Kwa maneno mengine, namba 47 na jina la avenyu vimetupwa, na kilichobaki ni Mabanga Sud. Kama jibu lingekuwa la paa, lingeandikwa `ROOFTOP`. La kukadiria huandikwa `RANGE_INTERPOLATED`. Katikati ya avenyu au ya eneo huandikwa `GEOMETRIC_CENTER`. Anayetumia Nominatim, huduma ya OpenStreetMap, aangalie `addresstype`: `building` ni nyumba, `road` ni barabara, `suburb` ni mtaa, `city` ni mji.

Wengi hudanganywa na tarakimu. Nukta ya katikati ya mtaa huja na tarakimu 6 au 7 baada ya koma, sawasawa na nukta ya paa. Tarakimu ya sita baada ya koma ni kama sentimita 11 ardhini, na anayeiona anafikiri programu imepima mpaka kwenye mlango. Haikupima chochote. Imegawanya eneo kubwa ikapata katikati yake, na katikati hiyo inaweza kuandikwa kwa tarakimu nyingi kadiri mtu anavyotaka. Ikiwa mtaa una upana wa kilomita moja na nusu, nyumba ya mgonjwa inaweza kuwa mita 700 kutoka kwenye nukta. Mduara wa mita 100 hauigusi.

Wapo wanaosema dawa ni kuandika namba za avenyu zote, kisha kompyuta ikadirie. Njia hiyo ina historia. Marekani ilitengeneza mafaili ya barabara yenye namba za kila upande kwa ajili ya sensa ya mwaka 1970, na imeendelea nayo mpaka leo. Lakini ni vizuri kuona inavyofanya kazi kabla ya kuiamini Goma.

Tuseme avenyu ina urefu wa mita 400, na upande wa kushoto una namba 1 mpaka 99, zisizogawanyika kwa mbili. Kompyuta ikitafuta namba 47 inapiga hesabu hii: 47 kutoa 1 ni 46, na 99 kutoa 1 ni 98. 46 ukiigawa kwa 98 ni karibu 0,47. Basi nyumba inawekwa mita 188 tangu mwanzo wa avenyu. Hesabu ni safi, lakini imechukulia kwamba parseli zote 50 zina upana mmoja. Sasa weka shule moja karibu na mwanzo wa avenyu, yenye namba moja lakini inayochukua mita 100. Parseli 49 zilizobaki zinagawana mita 300, kila moja kama mita 6. Namba 47 sasa iko mita 235 hivi. Kosa ni karibu mita 47, yaani nyumba saba au nane. Na hapo hakuna parseli iliyokatwa vipande viwili baada ya baba kufariki, wala namba iliyorudiwa, wala avenyu inayopinda kukwepa mawe ya volkano. Mjini Goma hayo yote ni ya kawaida.

Hata hivyo, nukta ya kukadiria si ya kutupa. Inamfikisha mtu kwenye avenyu yenyewe, na kutoka hapo atauliza. Ubaya ni kuihesabu kama nyumba.

Vivyo hivyo nukta ya katikati ina kazi yake, na Goma ina mfano mzuri. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 Mei, viongozi waliamuru watu wahame kwenye mitaa 10 ya mji, ikiwemo Majengo, Mabanga Nord, Mabanga Sud, Bujovu, Virunga na Murara. Amri ilitolewa kwa jina la mtaa. Aliyekuwa na orodha yenye nukta za katikati ya mtaa angeweza kujua ni jamaa zipi zinahusika, bila kosa kubwa, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa la mtaa. Lakini orodha hiyo hiyo isingeweza kusema ni nyumba ipi iliyo karibu na lava. Kwa swali hilo, jamaa zote za mtaa mmoja zingeingia ndani ya mstari au zingebaki nje kwa pamoja, kwa sababu kwenye ramani zote zimesimama juu ya nukta moja.

Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuigundua orodha mbovu hata bila kuona mistari ya kompyuta. Panga orodha kwa latitudo na longitudo. Ikiwa adresi 60 tofauti zina namba zile zile mpaka tarakimu ya mwisho, hakuna watu 60 wanaoishi chini ya bati moja; ni nukta ya katikati. Doa jekundu la wagonjwa ambalo ramani itaonyesha pale si lazima liwe chanzo cha ugonjwa. Huenda ni mahali programu ilipomwaga adresi zote ilizoshindwa kuzisoma. Ikiwa nukta zimejipanga juu ya barabara yenyewe kama shanga, shuku kukadiria. Na nukta ikiangukia ziwani au kwenye uwanja wa ndege, jibu liko wazi.

Kuna kosa jingine ambalo jina la aina halilionyeshi. Nukta inaweza kuwa ya paa kweli, lakini paa la mahali pengine. Mukono, nchini Uganda, kuna eneo liitwalo Goma, zaidi ya kilomita 400 kutoka mji huu. Adresi iliyoandikwa «Goma» tu, bila nchi, inaweza kupelekwa huko. Ndani ya mji pia, jina la avenyu likirudi kwenye mitaa miwili, programu huchagua moja bila kuuliza. Kwa hiyo asome pia adresi ambayo programu imerudisha, ailinganishe na ile iliyotumwa, neno kwa neno: mtaa ni ule ule? Namba ipo bado?

Msimamo ni rahisi kutekeleza. Kanda za afya na mashirika yanayotunza orodha hizi yaongeze safu moja kwenye jedwali, pembeni ya latitudo na longitudo, inayosema nukta ni ya paa, ya kukadiria au ya katikati. Wasiifute adresi iliyoandikwa na mgonjwa mwenyewe, wala maelezo kama «nyuma ya kanisa, geti la bluu, karibu na mzunguko wa Signers». Maelezo hayo ndiyo anayoyatumia mwenye moto kila siku, na mara nyingi yanamfikisha mlangoni pale kompyuta inapoishia mtaani. Kwa mgonjwa wa kipindupindu, nukta ya katikati isichorewe mduara. Iwe sababu ya kumtuma mtu aende, apime kwa simu akiwa getini, na aandike kosa la mita ambalo simu inaonyesha.

Watasema kazi inaongezeka. Inaongezeka kweli, lakini kwa wale tu ambao nukta yao haitoshi, na safu hiyo moja ndiyo inayowataja. Bila safu hiyo, timu itaondoka asubuhi na klorini yake, itafika katikati ya Mabanga Sud, itapiga milango ya watu wazima wa afya, na jioni itaandika kwamba kazi imekamilika.